Sauti ilipokatika kwenye usaili wa video: mambo ya kuzingatia kabla ya kutuma barua pepe ya shukrani

Kabla hujaandika neno lolote, jiulize kama wasaili waliliona tatizo lenyewe. Kwenye Zoom, Meet au Teams, kilichokutesa wewe huenda upande wa pili hakikuonekana kabisa. Picha yao ikiganda kwako kwa sekunde tano huku wao wanakusikia vizuri, kwao usaili uliendelea kama kawaida. Ukiandika kuhusu jambo hilo unawapa habari mpya, tena mbaya. Dalili za kwamba waliliona ni za wazi: mmoja wao alisema "hatukusikii", walikuomba urudie, walikwambia uzime kamera, au ulitoka kabisa ukaingia upya. Kama hakuna hata moja kati ya hizo, andika shukrani ya kawaida na uachane nalo.

Kama waliliona, kinachofuata ni kujua walikosa nini. Hili lifanye dakika kumi za kwanza baada ya kufunga mkutano, kwa sababu kesho yake utakumbuka aibu tu na swali litakuwa limekutoka. Andika kwenye karatasi: lilikuwa swali gani, ulikuwa umefika wapi kwenye jibu, ulikuwa nje kwa muda gani, na uliporudi mliendelea na swali lilelile au msaili aliruka kwenda linalofuata. Kipengele hiki cha mwisho ndicho kinachoamua barua itakavyokuwa. Ukirudi ukamaliza jibu lako, hakuna kilichopotea, na neno moja la asante kwa kukusubiri linatosha. Msaili akisema "haya, tuendelee" na jibu likabaki nusu, hapo barua ina kazi ya kufanya: kuwapelekea ile nusu ambayo haikufika.

Halafu hakikisha unajua chanzo, au usikitaje. Watu wengi hukimbilia kusema "mtandao ulisumbua" hata pale ambapo mtandao hauna kosa. Ukisahau kufungua maiki, wenzako wanaona alama ya maiki iliyokatwa mstari kwenye kidirisha chako. Kuwaandikia kwamba ni mtandao ni kuwaambia kitu ambacho macho yao yameshakikanusha. Vilevile, kama ulikuwa unatumia hotspoti ya simu na mtu akakupigia katikati ya kikao, kwenye baadhi ya simu na laini data hukatika simu inapoingia. Hilo ungeweza kulizuia. Na kama uliwaona na kuwasikia vizuri huku wao wanalalamika kwamba umeganda, mara nyingi shida iko kwenye upakiaji wa upande wako, siyo kwao. Hauhitaji kueleza haya yote. Unahitaji tu kutosema uongo. "Sauti yangu ilikatika" ni kweli kwa hali zote hizo, na inatosha. Kama shida ilikuwa ya upande wao, usiitaje kama kosa. Nenda moja kwa moja kwenye jibu lililokatika.

Sasa kiasi cha radhi. Kama uliomba samahani pale pale kwenye kamera, na karibu kila mtu huomba, deni hilo limeshalipwa. Kwenye barua, kinachobaki ni kuwashukuru kwa kusubiri. Kuomba radhi kwa maandishi kuna maana pale tu ulipowagharimu kitu: walikusubiri dakika kumi, walilazimika kukupigia simu, au kikao kilisogezwa. Hata hapo, mara moja inatosha. Sisi kwa adabu zetu tumezoea kurudia: naomba radhi sana, mniwie radhi, samahani tena kwa usumbufu. Ana kwa ana marudio hayo hulainisha mambo. Kwenye barua pepe ya mistari kumi yanageuka kuwa ndiyo habari yenyewe, na msomaji anayefungua barua za watu wanane siku hiyohiyo atakukumbuka kama yule wa mtandao.

Tuchukue mfano. Mtu kafanyiwa usaili wa mtunza bohari wa dawa. Ameulizwa: hesabu ya kwenye mfumo inasema makasha 40, kwenye rafu yapo 34, utafanya nini? Akiwa katikati ya jibu sauti ikakatika, akatoka, akaingia tena kwa data ya simu baada ya dakika mbili hivi, na jopo likaendelea na swali jingine. Jioni akaandika hivi:

"Naomba radhi sana kwa tatizo la mtandao lililojitokeza leo. Kwa kweli nimeumia sana kwa sababu nilikuwa nimejiandaa vizuri, ila eneo ninaloishi umeme unakatika mara kwa mara na rauta ikazima. Naomba msinichukulie kama mtu asiyejipanga. Samahani tena kwa usumbufu wote."

Angalia kilichotokea. Sentensi ya kwanza haisemi ni nini hasa kilikatika, kwa hiyo msomaji hawezi kuifanyia kitu. Ya pili imeeleza kwamba umeme kwao hukatika mara kwa mara. Kama kazi ina siku za kufanyia nyumbani, ameshawapa sababu ya kusita ambayo hawakuwa nayo. Ya tatu ndiyo mbaya kuliko zote: neno "asiyejipanga" halikuwa kichwani mwa yeyote, yeye ndiye kaliweka. Tena anawaomba wamtoe wasiwasi, kazi ambayo afisa ajira hana muda nayo. Na lile swali la makasha 34 limebaki palepale lilipoachwa.

Barua ileile ikiandikwa na mtu aliyepitia maandalizi ya hapo juu:

"Habari za jioni Bi. ___,

Asanteni kwa muda wenu leo asubuhi. Maelezo kuhusu utaratibu wenu wa kuhesabu bohari kila mwisho wa mwezi yamenionyesha vizuri kazi ilivyo.

Sauti yangu ilikatika nikiwa najibu swali la tofauti ya hesabu; asanteni kwa kunisubiri nirudi kwa laini ya simu. Sehemu ambayo haikusikika ni hii: kabla ya kubadili takwimu yoyote kwenye mfumo, ningesimamisha kwa muda utoaji wa dawa hiyo, nimwombe mtu wa pili aihesabu upya bila kumwambia namba niliyopata, kisha nilinganishe hati za kupokea na za kutoa tangu hesabu ya mwisho. Tofauti ikibaki, inaandikwa na kufikishwa kwa msimamizi siku hiyohiyo.

Ninapatikana kwa namba iliyo kwenye maombi yangu.

Wako,"

Tatizo limechukua sentensi moja, na limekaa katikati. Ndipo mahali pake. Likifungua barua, linakuwa mada. Likiifunga, ndilo msomaji anaondoka nalo. Sentensi hiyo ina mambo matatu: nini kilikatika, kwenye swali gani, na kwamba alirudi kwa njia nyingine. Hilo la tatu linafaa kutajwa kwa sababu linaonyesha alikuwa na akiba, bila yeye kujisifu. Jibu lenyewe limebaki kwenye sentensi mbili. Ukijikuta unaandika aya nzima ya pili na kuanza kuongezea majibu ya maswali mengine ambayo hayakukatika, simama. Hapo umeacha kurudisha kilichopotea na unafanya usaili wa pili peke yako.

Kuna mpaka mmoja wa ushauri huu ambao ni vizuri kuujua. Kwenye baadhi ya saili, hasa za serikali na mashirika makubwa, kila msaili hutoa alama kwa kila swali palepale, na maswali ni yaleyale kwa wote. Nyongeza iliyokuja jioni huenda isihesabiwe kabisa, na jopo linalofuata taratibu litaona si haki kwa wengine. Kama mwaliko ulieleza mfumo wa aina hiyo, fupisha: taja kwamba jibu la swali fulani lilikatika, sema uko tayari kulikamilisha wakihitaji, basi. Na kama kikao kilivunjika kabisa, yaani ulikosa nusu ya maswali, hilo halisubiri barua ya shukrani. Piga simu au andika ndani ya dakika chache, uombe muda mwingine. Ndiyo maana namba ya mratibu wa usaili inatakiwa iwe imeandikwa kwenye karatasi mezani kabla hujaanza, siyo ndani ya barua pepe iliyo kwenye kompyuta iliyozima.

Kama kazi ni ya kufanyia mbali, msomaji atajiuliza kama hali hii itakuwa ya kila wiki. Unaweza kuongeza sentensi moja kuhusu ulivyojipanga, mathalani kwamba una laini ya mtandao wa pili na betri ya akiba ya rauta, ila iwe kweli na iwe tayari ipo. "Nitanunua" haimsaidii mtu. Kama huna, usiseme chochote, ila shughulikia jambo hilo kabla ya usaili wa hatua inayofuata.

Muda wa kutuma: siku hiyohiyo, saa chache baada ya kikao, au asubuhi ya kesho yake ikiwa usaili ulikuwa jioni. Ikipita siku nzima, uamuzi unaweza kuwa umeshaanza kufanywa. Ukituma dakika tano baada ya kikao, utaandika ukiwa bado na joto la tukio, na radhi zitamwagika. Kwenye kichwa cha barua weka shukrani na jina la nafasi: "Asante – usaili wa mtunza bohari". Neno samahani lisikae hapo.

Mwisho kabla ya kubonyeza, angalia anwani. Mwaliko wa kalenda mara nyingine hutumwa na mfumo wenyewe, na ukijibu huo barua haifiki kwa mtu. Tafuta barua pepe ya yule aliyekuandikia kupanga siku. Ukitumia kitufe cha kujibu wote, soma majina yaliyomo, maana zipo ofisi zinazoweka wasailiwa kadhaa kwenye mwaliko mmoja. WhatsApp itumie tu kama wao ndio walianza kukuandikia huko. Na wakikaa kimya hadi ile tarehe waliyosema watatoa majibu, barua ya kufuatilia iulize hatua iliyofikiwa. Habari ya sauti kukatika usiirudie.