Katoni "mara mbili" hubeba mara nane

Ukiagiza katoni Nairobi na kumwambia fundi "nifanyie hii mara mbili", taja ni kipimo gani kinachoongezwa. Chukua katoni ya sentimita 20 kwa 15, kimo 10. Ujazo wake ni sentimita za ujazo 3,000, yaani lita 3. Ukiongeza kila upande mara mbili unapata 40 × 30 × 20, lita 24. Hakikisha kwa kupanga zile ndogo ndani yake: mbili kwa urefu, mbili kwa upana, hapo sakafu imejaa kwa nne. Juu yake kuna nafasi ya safu nyingine ya nne. Jumla nane, kwa sababu 2 × 2 × 2.

Tatizo huanzia chini. Ndogo ikibeba sukari kilo 2, kubwa itabeba 16, lakini sakafu yake imeongezeka mara nne tu. Kila sentimita ya mraba inabeba uzito maradufu, na kadibodi ileile hulegea katikati, kisha selotepu inaachia.

Ukitaka lita 6 tu, ongeza kimo peke yake kiwe 20, au zidisha kila upande kwa 1.26: takriban 25.2 × 18.9 × 12.6.