Somo: Kuandika maelezo ya kitabibu ya kumlaza mgonjwa wa akili bila ridhaa yake

Maelezo ya kwanza ya aina hii niliyoyaandika yalirudishwa kwangu yakiwa na mstari mwekundu chini ya sentensi moja: "Mgonjwa ni hatari kwake mwenyewe na kwa wengine." Daktari mwenzangu aliyeyapitia aliuliza pembeni: "Umejuaje?" Nilikuwa nimekaa na mgonjwa huyo karibu saa nzima na nilijua vizuri, lakini hakuna hata neno moja kwenye karatasi lililomwezesha mtu asiyekuwepo kujua nilichokiona. Somo hili linahusu jambo hilo: kuandika ili msomaji ambaye hajamwona mgonjwa aweze kuupima uamuzi wako, na hata kuukataa akiona haukustahili.

Nitatumia mfano nilioutunga. Mama wa miaka 24, mkulima wa viazi mviringo katika kijiji cha Rungwe, alijifungua salama siku 11 zilizopita. Tangu siku ya 7 hapati usingizi, anazungumza bila kukoma, na anasema mtoto aliye naye si wake. Mama mkwe na dada yake wamemleta hospitali, naye anakataa kubaki.

Hatua ya kwanza hutangulia kuandika, nayo ni kuhakikisha kwamba unachokiona ni ugonjwa wa akili na kwamba hakuna ugonjwa wa mwili uliojificha nyuma yake. Kwa mzazi wa siku 11, pima joto, shinikizo la damu, malaria, wingi wa damu na sukari, na utafute dalili za maambukizi ya kizazi. Mama mwenye sepsisi au shinikizo kubwa baada ya kujifungua anaweza kuchanganyikiwa vilevile, na yeye anahitaji wodi nyingine kabisa. Matokeo yaandikwe hata kama yote ni ya kawaida.

Hatua ya pili ni hatari. Taja tendo, muda wake, aliyelishuhudia, na maneno ya mgonjwa kama alivyoyasema. Kwa mama wetu ningeandika hivi:

"Usiku wa kuamkia leo, saa 7, mama mkwe alimkuta kwenye kisima kilicho nyuma ya nyumba, amembeba mtoto akiwa hana nguo. Alisema, 'Nimeambiwa nimrudishe majini.' Nilipomhoji leo saa 4 asubuhi alithibitisha kwamba anasikia sauti ya kiume ikimwamuru, na kwamba imeamuru mara 3. Amelala chini ya saa 2 kila usiku kwa usiku 4. Hajawahi kujaribu kujiua, na anakana kuwa na nia hiyo. Mtoto ananyonya vizuri na hana jeraha."

Tazama sentensi mbili za mwisho. Wengi huziacha kwa kuhofia kwamba zitadhoofisha hoja, lakini mpitiaji akigundua umeficha yanayompunguzia mgonjwa hatari, hatakuamini hata kwenye yale ya kweli. Ongeza pia jambo ambalo ugonjwa huu unajulikana nalo: saikosisi ya baada ya kujifungua hupanda na kushuka ndani ya siku moja. Mama anaweza kuwa mtulivu mchana, akamnyonyesha mtoto na kumjibu kila mtu kwa adabu, kisha usiku akarudi kisimani. Usipoliandika hilo, atakayemwona saa 8 mchana atashangaa kwa nini unataka kumzuia.

Hatua ya tatu ni kutibika, na hapa ndipo maelezo mengi huwa matupu. "Anahitaji matibabu" haitoshi. Eleza ni tiba gani, italenga dalili zipi, kwa nini itolewe ndani ya hospitali, na lini utapima kama imefaa. Kwa huyu: dawa ya saikosisi kama olanzapini kila usiku, ikilenga sauti, imani kwamba mtoto amebadilishwa, na usingizi, uangalizi wa saa 24 kwa sababu amri za sauti zinamhusu mtoto, na kunyonyesha mbele ya muuguzi, mtoto akichunguzwa kama anasinzia kupita kawaida. Andika kwamba wagonjwa wengi wa aina hii hupona vizuri wakitibiwa mapema, kisha weka tarehe: "Tutapitia hitaji la kuendelea kumzuia baada ya saa 72, na mapema zaidi akikubali tiba." Kama huna tiba ya kutaja na unachotaka ni mahali pa kumweka mtu, hayo si maelezo ya kulaza.

Hatua ya nne ni njia zinazombana kidogo zaidi, na hii ningekuomba uipe nafasi kubwa kuliko zote. Usiandike "njia nyingine hazikufaa". Andika kila moja, ulivyoijaribu au ulivyoipima, na kilichoikwamisha.

"Ridhaa: aliombwa mara 3, mara mbili kwa Kinyakyusa kupitia kwa dada yake. Alielewa kwamba hapa ni hospitali, lakini alisema dawa ni za kumsahaulisha mtoto wake halisi. Tiba ya nyumbani: ilijaribiwa kwa siku 2, vidonge 3 vilikutwa chini ya mkeka. Mume yuko safarini Tunduma, na mama mkwe hawezi kukesha peke yake. Kituo cha afya cha karibu: usiku kuna muuguzi 1 kwa wodi zote. Kumtenga mtoto kwa ndugu: kungemlinda mtoto, lakini jana alipochukuliwa kwa saa 2 mama alitoka kumtafuta barabarani, na ugonjwa wake ungebaki bila tiba."

Mwisho taja kitakachokufanya uondoe zuio: kwa mfano, mume amerudi, mgonjwa anakunywa dawa mbele ya mtu, na sauti hazimwamuru tena. Fomu na mamlaka ya kuidhinisha vifuate Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka 1991 nazo zinataka ionekane ama hatari kubwa iliyo karibu, ama ugonjwa mkali uliovuruga uamuzi wa mtu kiasi kwamba asipolazwa atazorota sana au atakosa tiba isiyowezekana kwingine.

Maswali ya wanachama

Muuguzi, Tukuyu: Shikamoo daktari. Ndugu wakisema jambo ambalo mimi sikuliona, niliandike?

Marahaba. Liandike, lakini mtaje aliyesema na kama aliliona mwenyewe au alisimuliwa. Ukiweza, wahoji ndugu wawili kila mmoja peke yake. Kwa mama wetu, dada hakuwepo kisimani. Ushahidi wa kisima ni wa mama mkwe peke yake, na karatasi iseme hivyo.

Ofisa ustawi wa jamii, Iringa: Kijiji kimemleta kijana anayemtukana mwenyekiti kwenye kila mkutano. Wanataka alazwe. Naandikaje?

Ndugu, mpime kwanza. Usipoona ugonjwa, usiandike kabisa, kwa kuwa matusi na ugomvi wa shamba havitibiwi wodini. Ukiona ugonjwa lakini analala, anakula, hajamgusa mtu na amekubali kuja kliniki kila wiki, basi kliniki ndiyo njia ya kuandika, hata kijiji kikinung'unika.

Tabibu, Makambako: Akishaidhinishwa, tunaweza kumfunga akikataa sindano?

Hapana, idhini ya kulaza haibebi ruhusa hiyo. Kumzuia kwa nguvu ni uamuzi mwingine wenye sababu yake, saa ya kuanza, saa ya kumwachia na jina la aliyeamuru. Kwa mzazi huyu ningeanza na dada yake kuketi naye, chumba chenye mwanga hafifu, na kikombe cha uji wa moto; mara nyingi hukubali kidonge cha usiku kwa mkono wa mtu anayemwamini.