Gawio la kujitengenezea

Kampuni ikikunyima gawio, yaani fedha inayowagawia wenye hisa, usikimbilie kusema imekudhulumu. Tuseme una hisa 1,000, kila moja shilingi 500, jumla 500,000. Kampuni ikigawa shilingi 50 kwa hisa, fedha imetoka kwenye akaunti yake, kwa hiyo hisa inashuka hadi 450. Sasa una 50,000 mkononi na hisa za 450,000. Isipogawa, uza hisa 100 kwa 500: unapata 50,000 ileile na kubaki na hisa 900 zenye thamani ya 450,000. Gawio umejipa mwenyewe.

Kinyume chake pia kinawezekana. Umepewa gawio usilolihitaji? Nunua hisa 111 kwa 450, inabaki chenji ya shilingi 50.

Ndiyo maana wanauchumi Miller na Modigliani walionyesha mwaka 1961 kwamba, katika soko kamilifu, lisilo na kodi wala kamisheni, hakuna atakayelipa zaidi kwa hisa kwa sababu ya gawio, jambo ambalo kila mtu anaweza kujifanyia bure. Lakini sharti ni kwamba mipango ya uwekezaji ya kampuni isibadilike. Ikigawa fedha ya mradi, itabidi iuze hisa mpya kuziba pengo. Ikiuacha mradi wenye faida, thamani inashuka kwa kupoteza mradi, si kwa gawio lenyewe.

Kwenye soko halisi, dalali anakata kamisheni kila unapouza, na gawio nalo linakatwa kodi (Kenya, mkazi hukatwa asilimia 5). Linganisha makato hayo mawili kabla ya kuuza.