SOMO: Mgonjwa wa kitandani "anaharisha", kumbe amefunga choo

Bibi mmoja wa miaka 81 niliyemuuguza alikuwa amelala wiki 6 baada ya kuvunjika nyonga, akimeza tramado kwa maumivu. Siku ya 9 bila choo cha maana, nepi ikaanza kulowa majimaji ya kahawia, kidogo kidogo, usiku na mchana. Binti yake akampa loperamaidi, dawa ya kuzuia kuharisha. Majimaji yakapungua, lakini tumbo likajaa na bibi akakataa chakula. Nilipompima kwa kidole nikakuta puru, yaani sehemu ya mwisho ya utumbo, imezibwa na donge gumu la choo.

Choo kikikawia, utumbo hukifyonza maji mpaka kinakuwa donge. Choo chepesi kinachotoka juu hakina njia, kinapenya pembeni. Puru nayo imetanuka, hivyo mgonjwa hahisi haja wala hawezi kujizuia.

Hatua ya 1. Hesabu siku tangu alipopata choo kilichoshikana, ukague dawa zake: tramado, morfini na vidonge vya kuongeza damu hufungisha choo.

Hatua ya 2. Acha dawa ya kuzuia kuharisha. Ile ya maumivu usiiguse bila daktari.

Hatua ya 3. Mwite muuguzi apime. Puru ikiwa tupu bado msitulie, donge linaweza kuwa juu zaidi. Hapo daktari hupapasa tumbo au huagiza eksirei.

Hatua ya 4. Donge lilainishwe kwanza. Bibi aliwekewa dawa ya gliserini njia ya haja kubwa, akanyweshwa makrogoli, dawa ya kulainisha choo, kwa kipimo cha daktari. Siku ya 2 majimaji yakaongezeka na binti akataka tuache. Nawasihi, msiache hapo! Siku ya 3 madonge yalitoka, na majimaji yakakoma.

MASWALI

– Dada, naweza kumtoa baba donge kwa kidole mwenyewe?
Hapana, kaka. Unaweza kumchana, na mapigo ya moyo yanaweza kushuka ghafla. Hiyo ni kazi ya aliyefunzwa.

– Nimzidishie vyakula vya nyuzinyuzi?
Si sasa. Vitaongeza mzigo nyuma ya donge. Subiri njia ifunguke, na awe anakunywa maji vizuri.

– Nitajuaje kama ni kuharisha kweli?
Kwa kuangalia tu huwezi kuwa na hakika. Kuharisha kwa kawaida huja kwa mkupuo kwa mtu aliyekuwa akipata choo vizuri. Huku kwingine ni kuvuja kidogo kidogo baada ya siku kadhaa bila choo, na pengine mkojo nao unakwama au mzee anachanganyikiwa. Akitapika, akiumwa tumbo sana, akitoa damu au akishindwa hata kutoa hewa, mpeleke hospitali saa hiyohiyo.

– Kwa mama lilitoka, likarudi baada ya wiki 2.
Pole sana. Maadamu anameza tramado, muulize daktari kuhusu dawa ya kulainisha choo ya kila siku. Akiweza kukaa, mkalishe kwenye kiti cha choo baada ya kifungua kinywa, miguu ikiegemea kistuli, maana utumbo husukuma zaidi baada ya kula.