Somo: Kuondoa namba yako Truecaller

Wengi wanashangaa majina yao yanaonekana Truecaller, programu inayoonyesha jina la anayepiga, wakati hawajawahi kujiunga. Jina halikutoka kwako. Mtu aliyekuhifadhi kwenye simu yake kama "Fundi Friji Mbagala" aliipa programu hiyo orodha yake ya majina, au mtu mwingine aliipendekezea jina hilo. Kwa hiyo kufuta programu kwenye simu yako hakuondoi kitu. Fuata mpangilio huu.

1. Kama una akaunti, ifunge kwanza. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya faragha, uchague Deactivate, ndipo ufute programu. Hapa ndipo wengi wanapokwama: akaunti ikiwa hai, namba haiondoki.

2. Fungua truecaller.com/unlisting kwenye kivinjari. Andika namba pamoja na kodi ya nchi, ukiacha sifuri ya mbele. Ya Tanzania inayoanza 07 itaanza hivi: +2557. Ya Kenya, +2547. Thibitisha, kisha tuma ombi.

3. Subiri siku nzima. Wenyewe wanasema huchukua hadi saa 24.

4. Hakiki kwa simu ya mtu ambaye hajakuhifadhi. Hili naomba mlizingatie sana. Ukimwomba dada yako atafute, atakuona tu, kwa sababu jina linatoka kwenye simu yake mwenyewe, nawe utadhani ombi limekataliwa.

Ukijisajili tena baadaye, namba inarudi kwenye orodha. Programu nyingine za aina hii, mfano Getcontact, zina orodha zao, na ombi hili haliwagusi.

MASWALI

Swali: Habari mwalimu. Nimenunua laini mpya, nikipiga watu wanaona jina la mwanaume nisiyemjua. Nifanyeje?

Jibu: Salama dada. Laini hiyo ilikuwa na mwenyewe kabla yako. Chagua moja: jisajili urekebishe jina, au iondoe kabisa. Kama unafanya biashara nakushauri urekebishe, maana wateja wengi hawapokei namba isiyo na jina.

Swali: Nikishaiondoa, mtu akijaribu kunitumia pesa M-Pesa bado ataona jina langu?

Jibu: Ataliona, kaka. Hilo ni jina la usajili wa laini, liko kwa mtandao wa simu. Kama unamkwepa mtu anayekusumbua, usiitegemee hatua hii peke yake.

Swali: Namba yangu iko kwenye tangazo la zamani la kuuza kiwanja, nikitafuta Google inatokea.

Jibu: Anza na wenye tovuti, wafute tangazo. Likishafutwa na Google bado wanalionyesha, tumia fomu yao ya Refresh Outdated Content, ubandike anwani ya ukurasa huo. Wenye tovuti wakigoma, Google wana fomu nyingine ya kuomba taarifa binafsi ziondolewe kwenye matokeo, lakini hapo tangazo lenyewe linabaki lilipo. Kwa aliye Tanzania, malalamiko dhidi ya wenye tovuti yanapelekwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, chini ya sheria ya 2022. Piga picha ya skrini yenye tarehe kabla hujaandika barua.