Kabla ya kumwandikia daktari wa kazini kuhusu dawa inayoleta usingizi

Asubuhi ya tatu tangu nianze zile tembe, nilipita stendi ya Gede bila kusimama. Abiria alikuwa ameomba kushuka, kondakta amegonga bodi mara mbili, nami nikasikia kugonga kule kwa mbali, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. "Mzee, umemvusha mtu," kijana akaniambia. Macho yangu yalikuwa wazi kabisa. Niliegesha hapo mbele, nikapiga simu ofisini Malindi, dereva wa akiba akaja na bodaboda. Jioni ile nikakaa kumwandikia daktari wa kazini. Barua ya kwanza niliichana, maana ilisema tu kwamba nimepewa dawa na naomba ushauri. Kwa maneno hayo angenijibu nini?

Dereva mwenzangu, ukipewa dawa ya namna hii, kwanza usishike usukani ukingoja majibu. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki kinataja pombe na dawa pamoja, na cheti cha hospitali hakikuondolei lawama ukiwa huwezi kulimudu gari. Wala usiiache dawa kimyakimya ili uwahi zamu. Mpigie aliyekuandikia, umwambie kazi yako ni basi la abiria. Mimi sikumwambia, naye hakuniuliza.

Kisha chukua bahasha ya dawa unakili kila kitu kilichoandikwa: jina, nguvu ya tembe, ngapi, saa ngapi, tarehe ya kuanza. "Dawa ya mgongo" haimsaidii daktari, kwa sababu za mgongo ziko zinazolaza na zisizolaza. Yangu ilikuwa amitriptilini ya miligramu 25, tembe moja usiku, kwa maumivu ya neva yanayoshuka kutoka kiunoni hadi unyayo wa kulia. Unyayo wa kulia ndio wa breki, kwa hiyo ugonjwa nao uandike. Kama mguu unakufa ganzi au hauna nguvu, hilo peke yake laweza kukuondoa barabarani hata dawa ingekuwa maji.

Andika pia vingine unavyotumia, na hapa ndipo wengi tunaficha. Piritoni ya mafua huongeza usingizi juu ya usingizi, na pombe vilevile. Miraa huficha tu: unajiona uko macho, lakini dawa ingali mwilini. Daktari hakuulizi ili akuripoti, anataka kujua ni kipi kinachokulaza.

Jambo lililonifungua macho ni la saa. Nilidhani dawa ya usiku huisha usiku. Kumbe mwili waweza kuchukua siku nzima kupunguza nusu ya amitriptilini, kwa hiyo tembe ya leo inaikuta ya jana haijamalizika. Katika juma la kwanza dawa hujilimbikiza, na ndiyo sababu siku ya tatu ilinikamata wakati ya kwanza ilipita salama. Kwa watu wengi usingizi hupungua baada ya wiki moja au mbili, mwili ukishazoea, ila si kwa wote. Basi langu hutoka Malindi saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tembe nilikuwa nikimeza saa tatu usiku, yaani saa nane na nusu tu kabla ya kuwasha injini. Daktari hawezi kuyajua hayo kama hukumwandikia saa zote mbili.

Kwa hiyo kabla ya kuandika, weka daftari la siku chache ukiwa nje ya usukani. Saa ya kumeza, saa ya kulala, saa ya kuamka, na saa ambayo kichwa kilikuwa chepesi. Hii ya mwisho usiijaze peke yako, kwa sababu aliyelewa usingizi ni shahidi mbaya wa usingizi wake. Mama watoto ndiye aliyenijazia, na siku moja aliandika saa tatu asubuhi mahali nilipokuwa nimeandika saa kumi na moja.

Barua iliyokwenda, baada ya salamu, ilikuwa hivi:

"Mimi ni dereva wa basi la abiria, njia ya Malindi na Mombasa, zamu ya kwanza huanza saa kumi na moja na nusu alfajiri. Siku nane zilizopita nilianza amitriptilini miligramu 25, tembe moja saa tatu usiku, kwa maumivu ya neva ya mguu wa kulia. Siku ya tatu nilichelewa kusikia kondakta akigonga bodi nikapita kituo. Hakuna aliyeumia. Tangu hapo sijaendesha. Uzito wa kichwa huendelea hadi saa tatu asubuhi, mdomo hukauka, na nikisimama ghafla nasikia kizunguzungu. Siku ya pili nilimeza piritoni, nimeiacha. Mguu hauna ganzi ila maumivu. Naomba unieleze: nisiendeshe hadi lini, na utapima nini kabla ya kunirudisha? Je, dawa yaweza kumezwa mapema zaidi, au ibadilishwe, baada ya kushauriana na aliyeniandikia? Na kwa sasa nifanye kazi gani hapa kampuni?"

Swali hilo la mwisho liandike kwa majina ya kazi, usiseme "kazi nyepesi". Bosi wangu aliposikia kazi nyepesi alinituma juu ya keria kufunga mizigo. Mtu wa kizunguzungu juu ya keria! Kwa hiyo kwenye barua niliziorodhesha kazi zetu zote: kukata tiketi, kupokea vifurushi, kupanda keria, kuingia shimo la gereji, kuelekeza basi linaporudi nyuma, kusogeza basi ndani ya yadi. Daktari aliruhusu mbili za kwanza tu, vifurushi vizito vikabaki kwa vijana. Kusogeza gari yadini nilidhani si kuendesha. Alinijibu kwamba watoto wa chai hupita yadini pia.

Kuhusu siri, nilimwomba daktari aiandikie ofisi ninachoweza na nisichoweza kufanya, na hadi tarehe gani, bila kutaja ugonjwa wala dawa. Habari za afya zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na meneja wa zamu hahitaji kujua neva yangu ili kupanga ratiba. Barua ya daktari niliipeleka kwa mkono ndani ya bahasha iliyofungwa. Huku kwetu karatasi ikilazwa juu ya meza ya tiketi, hadi adhuhuri imeshasomwa Watamu.

Daktari alinipa wiki mbili kwenye dirisha la tiketi, na akakubaliana na kliniki nimeze saa moja usiku badala ya saa tatu. Baada ya hapo alinipima macho, akanisimamisha na kunitembeza, akalisoma daftari, akanirudishia zamu za mchana kwanza, zinazoanza saa nne. Alfajiri alikataa hadi daftari lionyeshe siku saba mfululizo ambazo nimeamka saa kumi na kichwa chepesi, kwa maandishi ya mama watoto.

Mwezi uliofuata kliniki ilipandisha dozi hadi miligramu 50. Nilirudi kwenye dirisha la tiketi siku hiyo hiyo, nikatoa nakala ya ile barua, nikabadilisha tarehe na namba, nikaituma upya.