Mambo ya kuzingatia kabla ya kupima prolaktini na kuanza kabegolini

Chukua mfano wa mama wa miaka 29, muuza vitenge sokoni Tabora mjini. Hedhi imekata miezi mitano, kipimo cha mimba ni hasi, na akibonyeza chuchu yanatoka matone ya maziwa ilhali mwanawe ameacha kunyonya siku nyingi. Anatafuta mtoto wa pili. Daktari akimwandikia kipimo cha prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, kuna mambo ya kuweka sawa kabla hata ya kukunja mkono wa gauni.

La kwanza ni dawa alizonazo nyumbani. Prolaktini hutolewa na tezi ya pituitari iliyo chini ya ubongo, na kinachoizuia isizidi ni dopamini, kemikali ya ubongo. Dawa inayoziba dopamini huiachia prolaktini ipande. Metoklopramidi ya kuzuia kutapika, ambayo wengi wanaijua kama Plasil, hufanya hivyo. Domperidoni nayo, na dawa za magonjwa ya akili kama haloperidoli na risperidoni. Beba pakiti zote umwonyeshe daktari, hata zile ulizonunua mwenyewe duka la dawa. Lakini dawa ya akili usiikate kwa uamuzi wako, maana kurudi kwa ugonjwa kunaweza kuwa na madhara makubwa kuliko hedhi iliyokatika.

Asubuhi ya kipimo, amka saa mbili tatu kabla ya kutolewa damu, kwa sababu usingizini homoni hii hupanda. Tangu jana yake epuka mazoezi mazito, tendo la ndoa na kuminyaminya matiti. Ukifika maabara kaa utulie kama nusu saa. Aliyekuja mbio kutoka stendi, moyo unamdunda, anaweza kuonekana amezidi kidogo na kumbe hana ugonjwa. Ndiyo maana ongezeko dogo hurudiwa kupimwa. Omba pia kipimo cha tezi ya shingo, kwani tezi hiyo ikilegea prolaktini hupanda, na hapo kinachotibiwa ni tezi.

Sasa karatasi ya majibu. Mama wetu alipata 1,650 maabara ya kwanza, akaenda nyingine akapata 78, akashukuru Mungu kwamba imeshuka. Haikuwa imeshuka. Majibu ya kwanza yalikuwa kwa mIU/L na ya pili kwa ng/mL. 78 ukizidisha kwa 21 unarudi palepale. Kwa mwanamke asiye mjamzito wala kunyonyesha, kikomo huwa karibu 25 ng/mL, yaani takriban 500 mIU/L, ingawa kila maabara huandika chake. Soma kipimio kilichoandikwa pembeni ya namba, na ikiwezekana rudia palepale ulipoanzia.

Kiwango kikizidi kikomo namna hiyo, ubongo hupunguza ishara za kuamsha ovari, yai halipevuki, hedhi inakata na mimba haishiki. Mama huyu hana dawa yoyote anayotumia na tezi ya shingo ni nzima, kwa hiyo hufuata picha ya MRI ya kichwa. Huenda ikabidi rufaa, kwa mfano hospitali ya Bugando kule Mwanza, basi panga nauli na mtu wa kubaki na mtoto. Kwake picha ikaonyesha uvimbe wa milimita 6 kwenye pituitari. Chini ya milimita 10 huitwa mdogo, si saratani, na kwa kawaida hutibiwa kwa vidonge bila upasuaji.

Vidonge hivyo ni kabegolini, inayofanya kazi ya dopamini, yaani kuishusha prolaktini. Kidonge ni miligramu 0.5, na wengi huanza na nusu mara mbili kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Si dawa ya kila siku, kwa hiyo ziandike siku zako kwenye kalenda ukutani. Meza baada ya chakula cha usiku kisha ulale, maana vidonge vya mwanzo huleta kichefuchefu na kushusha presha. Ukiamka kwenda chooni, kaa kwanza ukingoni mwa kitanda ndipo usimame. Na kichefuchefu hicho usikitulize kwa Plasil, itaipinga kabegolini moja kwa moja. Kabla ya kuanza, mweleze daktari kama una presha isiyotulia au tatizo la vali za moyo.

Damu hupimwa tena baada ya wiki nne hivi, na dozi huongezwa kidogokidogo ikihitajika. Mama huyu alishuka hadi 31 ng/mL, akaongezewa, kisha 18, na hedhi ikarudi. Ila yai linaweza kupevuka kabla ya hedhi ya kwanza kuonekana. Asiyetaka mimba aanze kinga siku moja na vidonge. Anayeitafuta apime mapema hedhi ikichelewa, na ikiwa chanya amwone daktari siku hizohizo, maana wenye uvimbe mdogo kwa kawaida huachishwa dawa. Kichwa kikimuuma mfululizo au macho yakianza kutoona pembeni, aende hospitali bila kungoja tarehe ya kliniki.